Jogoo Nimemkomboa, Mnicheke Taratibu

Ndugu mnaopita dukani hapa, nimebandika karatasi hii mwenyewe, kabla habari haijavuka na kivuko.

Leo nimemkomboa jogoo wangu.

Asubuhi niliacha kulinda ndege kwenye mpunga wangu kule Michenga, nikaja Ifakara kumuuza. Nikamkuta shemeji Kasiani, kaka wa mke wangu, ana karata. Nikasema nicheze kidogo tu.

Nikashinda kambare wawili wakavu. Nilifurahi kidogo, nikawasahau.

Halafu akanila jogoo.

Hapo roho iliniuma kama nimefiwa. Nikaweka kambare ili nimrudishe. Wakaenda. Nikaweka mkeka niliokalia. Nao ukaenda, nikakaa chini.

"Shemeji, kalinde mpunga," Kasiani akaniambia.

Ningeondokaje? Nikiondoka, jogoo amepotea kweli. Nikiendelea kukaa, bado hajapotea. Na asubuhi yote niliyokwisha kuimaliza pale iende bure? Tena nilikuwa nimeliwa mara tatu mfululizo, kwa hiyo ya nne ilikuwa zamu yangu. (Kana kwamba karata zinakumbuka.)

Nikaweka jembe nililotoka nalo shambani. Nikashinda. Akanirudishia jogoo.

Nikafika shambani nimemkumbatia. Ndege walikuwa wameshiba, hata hawakuruka. Mke wangu Veronika alikuwa amesimama katikati ya masuke matupu.

"Huyo jogoo," akauliza, "atakula nini?"

Nilikuwa nawaza mkeka.

Kasiani, ukisoma hapa, kesho asubuhi nipo. Jembe ninalo.