Pipi ya Damu

Mdogo wetu wa mwisho alipofikisha mwaka na miezi minane alianza kula udongo. Alikuwa akikwangua ukuta wa jikoni kwa ukucha na kulamba kidole. Nilimchapa mikono, nikidhani ni utundu. Siku ya kliniki muuguzi alimfunua kope, akatazama viganja vyake vilivyokuwa vyeupe kama unga, akamchoma kidole, akaniambia damu yake ni kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mama alifariki siku chache baada ya kumzaa mtoto huyo, na baba alikuwa ametangulia. Nilikuwa nimeshaacha shule kidato cha pili. Kwenye kikao cha matanga mjomba wetu wa Mlola alisema watoto wagawanywe, kwa kuwa mtoto halei watoto. Nikasimama mbele ya wazee nikasema nitawalea mwenyewe. Sikuwahi kusahau namna alivyonitazama.

Muuguzi alinipa chupa ya dawa ya maji na sirinji isiyo na sindano. Mililita tano, mara moja kwa siku, kwa uzito wake wa kilo kumi. Nimpe kabla hajala, na maji ya chungwa yakiwepo ni bora. Nisimpe pamoja na chai wala maziwa, maana yanazuia dawa isiingie mwilini. Choo chake kitakuwa cheusi, nisiogope. Nikisahau siku moja, kesho yake nisimpe mara mbili. Mwisho akasema, "Na chupa uiweke juu na ufungie. Hii ni dawa ya damu, lakini mtoto akiinywa yote inaweza kumuua."

Niliitikia. Chupa niliifungia kwenye sanduku la mama, na ufunguo nikauvaa shingoni. Kwa hilo sikukosea.

Tatizo ni kwamba mtoto aliitema. Ilikuwa na ladha ya msumari. Alifunga meno, ikamwagika kifuani, kila nguo yake ikawa na madoa ya kutu. Wakati huo mdogo wangu anayenifuata alikuwa mjamzito, na kliniki walimpa vidonge vyekundu vya kuongeza damu, ameze kimoja kila siku. Siku moja nikapata wazo, nikajiona nina akili kuliko muuguzi. Nikamwambia mdogo wangu ameze kidonge chake mbele ya mtoto.

"Tazama," nikamwambia mtoto. "Dada anakula pipi. Pipi ya damu. Na wewe chukua yako."

Mdogo wangu aliramba midomo, akafumba macho kama mtu aliyeonja asali. Mtoto akacheka, akafungua mdomo. Kuanzia hapo kila asubuhi tulikuwa na mchezo wetu. Mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa akidai: "Pipi amu." Tulikuwa tukijipongeza.

Vidonge vile vilikuwa kwenye kifuko cha plastiki, kile cha kubana kwa vidole. Sikuvifungia sandukuni. Niliviona ni vya mtu mzima, na muuguzi alisema chupa. Kifuko kilikaa dirishani jikoni, karibu na chumvi.

Asubuhi moja mjomba alikuwa ametuletea maharage kwa pikipiki yake. Mimi nilikuwa mtoni naosha karoti, kwa kuwa gari la wanunuzi lilikuwa njiani. Mdogo wangu alitoka nje kumpokea mzigo. Niliporudi na karai kichwani nilimkuta mtoto amekaa juu ya kigoda chini ya dirisha, midomo myekundu, kifuko mapajani.

"Pipi amu," akaniambia, akaninyooshea kimoja.

Mdogo wangu alipewa vidonge thelathini. Alikuwa amemeza siku tisa. Nikavihesabu nikiwa nimepiga magoti: tisa, pamoja na kile alichoninyooshea. Nikapapasa sakafuni, nikatazama chini ya mafiga. Hakuna kingine. Kumi na viwili vilikuwa tumboni mwake.

Mjomba aliingia. "Kala nini?"

"Dawa ya dada yake."

"Mpe maziwa, yatazima sumu."

Nikampa kikombe. Alitapika yote, yamechanganyika na wekundu. Ndipo mjomba akawasha pikipiki, tukashuka Lushoto nimempakata mtoto katikati yetu. Alitapika tena mara mbili, na akaharisha mgongoni mwa koti la mjomba.

Hospitalini tulipokelewa na daktari wa kike wa rika langu. Nilimwamkia nikaona haya, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya kalamu zilizokuwa mfukoni mwake. Aliuliza ni vidonge gani, nikampa kifuko. Akauliza ni vingapi.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu na koti lake mkononi.

"Viwili," nikasema. "Labda viwili."

Daktari alinitazama. "Viwili havimtapishi mtoto hivi, dada. Una hakika?"

"Ndiyo."

Aliagiza dripu, akauliza kama tumempa kitu; nilipomtajia maziwa akasema asipewe tena wala chochote kingine, na siku nyingine tusijaribu kuzima sumu nyumbani, tuje haraka na pakiti ya dawa. Akasema angetaka kumwangalia. Nikakaa pembeni ya kitanda. Mchana ulipogeuka, kutapika kukakoma. Mtoto akaketi, akaomba biskuti. Rangi ilimrudia kidogo.

Mjomba akasogea. "Si unaona? Kapona. Muombe daktari ruhusa, tupande mlima kabla ya ukungu."

Nilitamani sana iwe hivyo. Nilisimama kumfuata daktari, na nikamwambia mtoto amepona.

Hakutabasamu. "Dawa hii ina tabia hiyo," akasema. "Inatapisha, halafu inatulia saa kadhaa, mama anafurahi, anarudi nyumbani. Kumbe ndani inaendelea kuunguza, inakwenda kwenye ini. Kidonge kimoja cha dada yako kina madini ya chuma ambayo mtoto huyu anapewa kwa siku mbili. Kama ni viwili kweli, sina wasiwasi. Kama si viwili, huu utulivu ndio ninaouogopa."

Mjomba alikuwa amekuja mpaka mlangoni. Alisikia kila kitu. Nikamwona mtoto nyuma yake, anachezea mpira wa dripu.

"Ni kumi na viwili," nikasema. "Nilivihesabu. Nilijua tangu nyumbani."

Daktari hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alipita akaita gari la wagonjwa, akapiga simu hospitali ya mkoa kuuliza kama wana dawa ya kuyashika madini yale na kuyatoa kwa mkojo. Walikuwa nayo. Tukashuka Tanga jioni ile ile, na kesho yake mkojo wa mtoto ulikuwa mwekundu kama chai isiyo na maziwa. Muuguzi wa huko akasema ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi. Ini lake walilipima kila siku. Tuliruhusiwa baada ya siku sita.

Jioni ile, kabla gari la wagonjwa halijaondoka Lushoto, mjomba aliinamia dirisha. Nilidhani atasema neno la kikao cha matanga. Akasema, "Nisingekuwa nimesimama pale, ungemwambia mapema?"

"Ndiyo, mjomba."

Akaitikia kwa kichwa, akavaa koti lake lenye madoa. Watoto hakuwachukua. Mpaka leo hajalitaja neno lile la kikao, na kila anapokuja huuliza kwanza, "Dawa ziko wapi?" Ninamwonyesha sanduku, za mtoto na za mkubwa pamoja.

Baada ya wiki kadhaa kliniki walipima damu yake, ikawa bado kidogo, wakaturudishia dawa ya maji. Asubuhi ya kwanza aliiona sirinji akacheka. "Pipi amu."

"Si pipi," nikamwambia. "Ni dawa. Ni chungu."

Akafunga meno. Ilinichukua muda mrefu, na nyingi ilimwagika kifuani.