Mpunga Uliochemshwa na Maganda Yake

Jirani yangu wa Kibokoni, Mbengali aliyeolewa hapa, alinisaidia kuandika faharasa ya mchele kutoka shambani hadi jikoni: dhan ni mpunga, chal ni mchele, bhat ni wali. Sheddho chal, mchele wa mpunga uliochemshwa kabla ya kukobolewa, ulikosa mwenzake wa Kiswahili, nami sikutaka kulijaza pengo hilo bila kuuona.

"Kuchemsha na maganda? Mwanangu, watulisha pumba!" mama mkwe wake alicheka.

Tuliroweka mpunga wa Tana, tukauchemsha hadi maganda yakapasuka, tukauanika juani, tukautwanga na kuupeta. Chenga zilikuwa chache. Ulipopikwa, punje hazikushikana.

Mama mkwe alimaliza sahani, akaisogeza.

"Niongeze, mwanangu. Nawe jirani, andika!"

Niliandika kwa wino: mchele wa mpunga wa kuchemshwa.