Kigingi cha Mlangoni

Nikimkumbuka yule komisioneri, dalali wa viwanja wa mtaani kwetu, mpaka leo roho inaniwaka. Alikalia benchi la mama, akala bugali na ndagala zake, akajifuta mdomo, ndipo akasema: "Mama, uzisha hapa. Njia mpya itapita kule juu, nyuma ya mtaa wa Songo. Makamyo yote yatahamia kule. Hapa watabakia mbuzi."

Mama alikuwa akiwapikia madereva wa makamyo kando ya barabara ya zamani, ile inayofuata ziwa. Hapo ndipo tulipopatia chakula, sabuni na masomo. Lakini wapimaji walikuwa wamekwisha kupigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu mlimani, na viwanja ambavyo jana hakuna aliyevitaka vikawa vinagombaniwa. Vya chini vikaporomoka, kila mtu akiogopa kubaki bila wateja. Bwana yule akanunua chini kwenye hofu, akauza juu kwenye tamaa. Mwizi mkavu wa macho!

Mama akamwuzia. Akanunua juu parseli, kiwanja chenye kigingi, akajenga nyumba mlango ukitazama kigingi hicho, hatua chache tu. Majirani wakamwonea wivu. Kwetu, mti ukipigiliwa ardhini ni mpaka: huku kwangu, kule kwako. Basi mtaa mzima tukajenga mpaka kwenye vigingi, tukapanda na miyenzi ya uzio. Nani alitwambia kwamba kigingi cha barabara kinaonyesha katikati ya njia, si ukingo wake? Komisioneri alijua. Alinyamaza, mshenzi yule.

Katapila lilipofika, nyumba yetu ilikuwa ndani ya barabara. Fidia? Hakuna. Wakasema tumejenga baada ya vigingi, tena kwa makusudi. Ukuta wa mbele ukalala chini mama akitazama.

Halafu vita vikaja. Tulikimbilia Burundi, na wenye katapila wakakimbia pia. Tuliporudi, njia mpya ilikuwa majani matupu, viwanja vya juu havina mnunuzi hata wa kuuliza. Makamyo? Yalikuwa yaleyale, kwenye barabara ileile ya zamani, yakisimama kula kwenye benchi letu. Mwenye benchi sasa alikuwa komisioneri.

Siku hiyo mama alitaka kupika maharage. Kuni zililowa mvua. Akakiendea kigingi, kilichokuwa bado kimesimama mbele ya mlango, akakitikisa, akaking'oa.

Jirani, ambaye naye ukuta wake ulikuwa umelala, akatoka akipiga kelele: "Weye! Uko unatuharibia bei!"

"Bei gani, muntu wa Mungu?" mama akamjibu. "Haya, miye niko nauzisha. Nunua!"

Jirani akarudi kwake. Mama akakipasua kigingi kwa panga, akakisukuma chini ya chungu na kichwa chake chekundu.

Maharage yaliiva. Tulikula, na kutoka kule chini tukasikia makamyo yakipunguza mwendo mbele ya benchi la mama.