Marejesho ya Kaunta ya Pili

Mzee Kalamu, keshia wa kaunta ya kwanza, ameuza viatu miaka ishirini na saba. Enzi zake keshia aliandika risiti kwa mkono na kumtambua mteja kwa nyayo zake. Siku hizi mashine ndiyo inayojua kila kitu. Hilo angelimeza. Lililomkaba koo ni yule binti wa kaunta ya pili, mtu wa juzi tu, kupendekezwa kuwa mkuu wa makeshia, cheo ambacho yeye alikisubiri tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Kila mwezi makao makuu hutuma taarifa: kila keshia na kila tawi, katika mauzo mia, fedha zimerudishwa mara ngapi, punguzo limetolewa mara ngapi. Mwezi huo meneja aliisahau mezani, Mzee Kalamu akaikodolea macho. Punguzo lilikuwa sawa kwa wote. Marejesho: makeshia wengine wawili, mbili mbili. Yeye, sifuri, akaiona kama medali. Binti, tisa.

Kutwa nzima alipiga mluzi.

"Baba, leo una raha," binti alimwambia.

"Kwani nikipiga mluzi nalipia?"

Mkaguzi wa makao makuu alipofika na kumwita ofisini wa kwanza, alijua anaitwa kutoa ushahidi. Akanyoosha kola, akaketi.

"Huyo binti ana mkono mrefu," alianza.

"Sijakuuliza habari za mtu, mzee wangu," mkaguzi akasema taratibu. "Nimekuita kwa namba yako."

"Yangu ina nini?"

"Sifuri. Mauzo elfu moja na mia mbili, hakuna hata kiatu kimoja kilichorudi kwako. Namba ya mtu ikiwa mbali na za wenzake, juu au chini, tunamsikiliza mwenyewe kabla ya kumhukumu."

"Labda nauza vizuri."

"Labda. Lakini vingi vilivyorudishwa kwa binti vina risiti zako. Yeye amekataa kusema sababu. Nisipoipata, cheo chake kitasimama kwanza."

Kwa hiyo angeweza kunyamaza tu. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini binti alikuwa na nafasi ya kumtaja, na hakumtaja, na hilo lilimuuma kuliko cheo chenyewe. Hata kwa wema amemzidi.

"Wateja hao nawatuma mimi," alisema hatimaye. "Zamani kiatu kikimbana mtu nilikitia kwenye kalibu, kikapanuka, akaondoka nacho. Siku hizi wanataka fedha zao tu. Siwezi kumtazama mtu anayenirudishia kiatu nilichomvalisha mwenyewe. Nawaambia, nendeni kaunta ya pili."

"Na foleni ikimwelemea?"

"Ilinifurahisha."

Mkaguzi aliandika maelezo hayo mbele ya namba zote mbili, akamsomea, naye akatia sahihi. Tangu mwezi uliofuata, marejesho yangepokewa kwa zamu.

Nje binti alimsubiri. "Wamesemaje, baba?"

"Wamesema uko safi. Utakuwa bosi wangu."

"Na wewe je?"

"Mimi nina zamu ya marejesho," alisema, akampita bila kumtazama usoni, akaenda kufungua droo yake ya fedha.