Faida ya Ekari Yangu

Mume wangu alipenda magunia kuliko hela. Shamba lake la Katindiuka lilikuwa ekari nne, langu ekari moja tu kule bondeni. Kila mavuno alisimamisha wapita njia: "Umeuona huo mpunga?" Wangu aliuita chakula cha kuku.

Mwaka huo akataka kununua pawatila, kile kitrekta cha kusukuma kwa mikono. Akaamua ekari yangu iuzwe, eti haizalishi. Tuliinunua pamoja, ila miaka yote nimeilima mimi. Nilikasirika. Nikamwambia: uza, lakini kwanza bibi shamba atupigie hesabu. Alikubali upesi mno, maana ushindi alikuwa nao mfukoni.

Bibi shamba akaja kwetu Kibaoni na karatasi ya kumbukumbu: kila shamba na mstari wake, misimu miwili, mavuno kwa ekari, gharama, mapato, faida. Mume wangu akataja magunia yake kwa sauti ya mnadani. Ishirini kwa ekari! Mimi kumi na mbili. Akanitazama kwa huruma. Huruma, jamani!

"Haya baba," bibi shamba akasema, "tuje kwenye gharama. Hela ulizotoa."

Sauti ikashuka. Trekta. Mbegu za dukani. Mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia, dawa ya magugu. Vibarua wa kupanda, wa palizi, wa kufukuza ndege, wa kuvuna. Gari la kusomba. Kwangu ilikuwa trekta, mbegu kidogo na gari, basi. Bibi shamba akatoa gharama kwenye mapato, akagawanya kwa ekari. Misimu yote miwili, ekari yangu ilimshinda. Nikapiga kigelegele peke yangu, wala sikuona aibu.

Mume wangu aliigeuza karatasi, akatazama upande wa nyuma. Hapakuwa na kitu.

"Kumbe shamba zuri hivi!" akasema. "Basi haliuzwi. Msimu ujao nalilima mimi."

Bibi shamba akakusanya kalamu zake, akaaga.

Akalilima kweli, yaani alipeleka trekta na kumwaga mbegu. Majani yalipoota akaniambia, "Mama watoto, kesho palizi."

"Sawa, baba watoto. Bei ya kibarua unaijua."

Akacheka. Akaona mimi sicheki. Vibarua wengine walikuwa wameshachukuliwa, na majani hayasubiri mtu, akalipa. Akalipa palizi, akalipa kufukuza ndege, akalipa kuvuna na kupiga mpunga, kila kitu kwa bei ya mtaani. Hela niliifunga kwenye kona ya kanga mbele ya macho yake.

Baada ya mavuno bibi shamba akajaza karatasi tena. Magunia yalikuwa kumi na mbili yale yale, na bei haikubadilika. Faida ilikuwa imenywea, sasa kwa ekari imelingana na ya Katindiuka.

Mume wangu akanigeukia kwa hasira. "Shamba hili umelifanya nini?"

"Nimelilima," nikamwambia, "kama kila mwaka."