Nyumba Isiyo na Mgogoro

Msusi alikuwa mpangaji tangu aolewe, na hata mume alimfia humo humo kwenye vyumba viwili vya watu. Kwa hiyo alipoona tangazo la mnada wa nyumba iliyokamatwa na benki, bei ya kuanzia nusu ya bei ya mtaa, "haina mgogoro wowote", moyo ulimruka.

Alimpigia dalali akaomba kuikagua.

"Mama, nje panatosha. Inauzwa ilivyo. Ukizubaa, wenzako wanachukua."

"Hata nywele za bandia huzishika kabla sijalipa," alimjibu, akakata simu.

Akaenda mwenyewe na shemeji yake, fundi mwashi. Waliyemkuta ndani ni mke wa mkopaji, ambaye badala ya kuwafukuza aliwafungulia kila chumba. Shemeji aligonga ukuta wenye rangi mpya. Plasta ikamomonyoka, nyuma yake kumelowa chepechepe. Shimo la maji taka lilikuwa limetitia.

"Shemeji, rangi hii ni ya kukufumba macho," alisema. "Bomba, paa na shimo vitakula karibu theluthi ya bei. Bado malimbikizo ya kodi ya ardhi, na gharama ya kesi ya kumtoa aliyemo."

"Na mimi sitoki," yule mwanamke alisema taratibu. "Mume wangu aliiweka rehani bila mimi kujua. Sahihi yangu wameighushi. Nimeweka zuio ofisi ya ardhi isiuzwe, na kesi iko mahakamani. Dalali nilimpa nakala mkononi."

Msusi hakumwamini hivi hivi. Alilipia upekuzi wa hati ofisi ya ardhi, na kweli zuio lilikuwepo, limeandikishwa kabla ya tangazo kutoka. Hasira zikampanda hadi utosini. Kumbe mtu alijua, akakaa kimya, akangoja mjinga aje na akiba yake ya maisha!

Siku ya mnada alisimama mbele ya wanunuzi wote. "Mbona huwaambii nyumba ina zuio? Anayeshinda analipa robo ya bei papo hapo. Akikwama, ni nani atamrudishia?"

"Mama, kama huna hela, kaa chini."

"Hela ninayo! Ndiyo maana nauliza!"

Kijana mmoja aliyeshikana mkono na mkewe mjamzito akakunja hundi yake, akairudisha mfukoni. Wengine wakaanza kutoka mmoja mmoja. Dalali akatangaza kwamba mnada umeahirishwa "kwa sababu za kiufundi", akafunga mkoba wake bila kuomba radhi.

Msusi alimwandikia meneja wa benki malalamiko. Akajibiwa kwamba mnunuzi ndiye anayepaswa kujiridhisha. Aliisoma barua ile saluni, kwa sauti, mbele ya wateja.

Mwaka uliofuata alinunua kijumba kilichouzwa na benki nyingine, baada ya upekuzi, ukaguzi na fungu la matengenezo kutengwa pembeni. Yule dalali hadi leo anapiga minada, tai shingoni.