Namba Iliyopanda Peke Yake

Mume wa shangazi yangu Ivonete alipofariki, kiwanda cha kufulia jinzi alichofanyia kazi kilimlipa mjane fidia ya reais elfu ishirini, pesa ya Brazili. Shangazi hushona mifuko ya suruali nyumbani kwake, hapa Toritama. Pesa yote akaitia Placar Forte, kampuni iliyosema inachangisha fedha za watu, mabingwa wake wanazichezea kamari ya mpira, na kila mwezi unapata asilimia nane.

"Shangazi, kamari isiyopoteza haipo," nilimwambia. "Wanamlipa wa jana kwa pesa ya aliyeingia leo."

"Chuo kimekuharibu, mwanangu."

Mwezi wa kwanza alitoa faida, elfu moja na mia sita, mtaa mzima ukaiona. Baada ya hapo akaiacha faida izaliane.

Baada ya Kanivali malipo yakakoma. Mara mitambo inatengenezwa, mara mabingwa wamefungiwa akaunti. Kundi la wateja kwenye simu likafungwa, wakawa wanaandika wakubwa wa kampuni tu. Lakini namba yake kwenye simu, ile ya salio lake, iliendelea kupanda: elfu arobaini, arobaini na tatu. Hata akiizima simu, aliniambia, anaisikia ikipanda, kama mtu anayetembea juu ya dari.

Josenildo, jirani aliyemwingiza, akaja. "Mama Ivonete, lete mtu mpya mwenye elfu tano. Utapandishwa kwenye foleni ya malipo, Ijumaa unalipwa."

Jioni hiyo hiyo akaja Marluce, shoga yake wa tangu utoto. Alikuwa ameuza cherehani yake ya pili apate pesa ya kutia.

"Nionyeshe hiyo namba, shoga." Akaikodolea macho. "Uuu! Na wewe bado unashona mifuko?"

Shangazi aliichukua simu yake, akaigeuza kifudifudi. Mimi nilikuwa mlangoni. Neno moja tu, na pesa ya marehemu ingeanza kurudi.

"Usitie, Marluce. Hapo hamna kitu. Ni maandishi tu."

"Hamna kitu, na wewe unayo arobaini na tatu?" Marluce akasimama. "Sema tu hutaki nikufikie."

Akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Josenildo.

Ijumaa simu ya shangazi ikalia. Reais mia tisa zimeingia benki, za kwanza tangu ile faida ya mwezi wa kwanza. Josenildo alikuwa amemwandikisha kuwa ndiye aliyemleta Marluce. Shangazi akakaa na simu mapajani, kana kwamba amelipwa na maiti. Kisha akaenda kuzitoa zote, akazipeleka kwa Marluce.

"Chukua. Hizi ni zako, dada. Ni zile zile ulizotia."

Marluce alizihesabu, akaangua kicheko, akamkumbatia.

"Umeona? Wanalipa! Na ulivyonitisha!" Akazikunja noti. "Hizi nazirudisha humo humo leo hii. Na mdogo wangu wa Caruaru naye anaingia."